Mcandiru Bila Namba

Monique Candiru alikuwa mama mzima wa miaka thelathini na saba siku alipopewa jina lake peke yake, na aliyempa alikuwa Mkongo mwenye kitambi anayekula mandazi juu ya kibodi ya kompyuta.

Ili uelewe kwa nini siku hiyo alikwenda nyumbani akiimba barabarani, akapita hata mlango wake mwenyewe asiuone, inabidi turudi Koboko, mwaka 1971. Huko ndiko alikozaliwa, nyuma ya kibanda cha baba yake Okuonzi, fundi baiskeli. Wakati huo Koboko ilijaa buti za askari, na kila askari alitaka baiskeli yake itengenezwe kwanza na shukrani zake zipokewe baadaye. Okuonzi hakuwa na raha. Mtoto alipotoka na kulia, akauliza, "Ni nini hiyo?" Wakamwambia ni msichana. Akasema, "Basi, Candiru." Candiru maana yake taabu. Kwetu hatumbebeshi mtoto jina la baba yake. Tunampa jina la hali ya hewa ya nyumba siku ile aliyozaliwa. Baba ni Okuonzi, mama ni Ayikoru, ambalo ni furaha, mtoto ni Taabu, mdogo wake ni kitu kingine tena, na wote wanakula sufuria moja. Mgeni akiuliza jina la ukoo, tunamwangalia kwa huruma.

Tatizo la jina la taabu ni kwamba taabu haikuchagua nyumba. Mke mkubwa wa Okuonzi naye alikuwa na binti Candiru. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mtoto wetu alikuwa Candiru Mdogo. Alipoingia darasa la kwanza mwaka 1978, Mwalimu Yangi, mtu wa mistari na fimbo, akaita, "Candiru!" Wasichana wanne wakasimama pamoja. Mwalimu akawapanga kwa kimo na kuwapa namba kama magunia ya pamba. Yule mfupi kuliko wote, mwenye sikio moja kubwa kuliko jingine, akawa Candiru ya Nne.

"Mimi hapana ya nne," alimwambia mwalimu. "Mimi iko Candiru tu."

"Candiru Tu iko nyumbani kwenu," Mwalimu Yangi alimjibu. "Hapa iko ya Nne. Kaa chini, Nne."

Mwaka uliofuata vita vikaja, buti zikakimbia upande mmoja na raia upande mwingine, na Koboko nzima ikavuka mpaka kwenda Zaire ikiwa na mikeka kichwani. Huko Ingbokolo akina Candiru walikuwa wengi kama mchwa wa masika. Karani wa chakula cha wakimbizi aliandika majina mpaka mkono ukamuuma, kisha akaamua kuweka namba. Msichana wetu akapewa kadi: Candiru 117. Padri Mkongo alimbatiza Monique, jina lenye harufu ya sabuni ya Ulaya, naye akafikiri sasa mambo yameisha. Lakini hakuna aliyemwita Monique. Foleni ya mahindi ilipofika kwake walipaza sauti, "Mia moja kumi na saba!" naye akajibu "Ndiyo," kwa sababu njaa haina kiburi.

Nakwambia haya yote ili usije ukamcheka.

Vita vilipopoa akarudi, akasoma alivyoweza, akajifunza kupiga taipu, na akaajiriwa masjala katika hospitali moja ya misheni mjini Arua. Masjala ndiyo chumba cha mafaili ya wagonjwa. Wauguzi wanaweza kukupa dawa, lakini faili lako likipotea wewe hukuwahi kuugua. Mwaka 2008 kompyuta zikaletwa, na pamoja nazo akaletwa Anicet Kasereka, yule Mkongo, Mnande wa Butembo aliyekuwa akiuza betri na redio sokoni Arua kabla hajagundua kwamba kompyuta nayo ni redio tu iliyosoma.

Anicet alimkalisha kila mfanyakazi mbele ya mashine, mmoja mmoja, kama kinyozi.

"Kila mutu anapata jina ya kuingilia," alieleza. "Kanuni iko moja, haina ujomba. Ninachukua herufi ya kwanza ya jina yako ya ubatizo, ninaunga na hii jina yako ingine nzima. Vyote herufi ndogo, bila nafasi. Rehemah Ocokoru wa famasi ni r, kisha ocokoru: rocokoru. Wewe?"

"Candiru Monique."

"Sasa nyinyi watu wa Uganda munaandika nyuma mbele. Nikifuata kadi yako vile iko, utakuwa cmonique, na Mungu atacheka. Ubatizo ni Monique? Basi m, kisha candiru." Akaandika polepole, mandazi mdomoni. Kwenye kioo likatokea neno moja: *mcandiru*.

Monique akasubiri. Alijua kuna kitu kinakuja nyuma ya neno hilo. Maisha yake yote kilikuwa kinakuja.

"Na namba?" akauliza.

"Namba gani?"

"Namba yangu. Mimi iko ya ngapi?"

"Dada, namba inakuja kama jina imerudiwa. Mashine haikubali watu wawili wenye jina moja, itakosa kujua nani ni nani. Akina Candiru iko wengi hapa, lakini huyu wa leba ni Agnes, ni acandiru. Huyu wa jikoni ni Jane, jcandiru. Akija mwingine wa m, yeye ndiye atapata 2. Wewe umetangulia. Wewe hauna namba."

"Hauna kabisa?"

"Kabisa."

Monique akaliangalia neno lile. Akamwomba Anicet asiguse kitu. Akaenda kumwita Rehemah kutoka famasi aje ashuhudie, na Rehemah akamwita Ramathan, dereva wa ambulensi, na Ramathan akasema, "Iko herufi ndogo ndogo kama siafu," lakini akakubali kwamba kweli namba haipo.

Anicet akacheka. "Mimi kwetu Kasereka yenyewe ni namba. Ni mtoto ya kiume ya tatu. Mama alihesabu tu, akachoka kufikiri. Na mimi nasema asante."

Ndiyo jioni ile aliyopita mlango wake.

Tangu siku ile neno mcandiru likawa mtu. Kila faili lililoingizwa kwenye mashine lilibeba chini yake jina la aliyeliingiza, na mafaili mengi ya hospitali ile yalibeba hilo. Ujumbe wa ndani nao ulipita kwa majina hayohayo: ukitaka mtu, unaandika jina lake la kuingilia na unabonyeza. Vituo vidogo vya afya vilivyounganishwa baadaye, mpaka Lobule kule wanakosafiri kwa baiskeli na miguu, vilijua jambo moja: ukipoteza kitu, mwandikie mcandiru. Watu walianza kumwita hivyo hata uso kwa uso. "Emu-candiru, habari ya asubuhi?" Naye aliitika akiwa amenyoosha shingo kama jogoo wa Aroi aliyepanda ukuta.

Miaka ikapita vizuri. Kisha akaja matroni mpya.

Matroni Margaret Candiru alitoka Kampala, ingawa kwao ni Omugo, na alikuja na sanduku la vitabu, viatu vinavyolia, na tabia ya kufungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa mkuu wa wauguzi wote, na mwanamke wa haki, ila haki yake ilitembea haraka kuliko masikio yake. Asubuhi ya kwanza aliketi mbele ya Anicet, ambaye sasa kitambi chake kilikuwa na ofisi. Anicet akaandika m, akaandika candiru, akabonyeza. Mashine ikakataa: jina hili limeshachukuliwa. Akaongeza namba.

"Hii nini?" Matroni akauliza.

"Ni jina yako, Matroni. Mcandiru2."

"Mbili kwa nini? Kwani mimi ni chumba cha hoteli?"

"Iko mwingine mbele yako. Monique wa masjala."

"Bwana Anicet," Matroni akasema kwa upole ule wa kuchoma sindano, "mimi nitawaandikia wizara, nitawaandikia maaskofu. Nitawaandikia nikiwa wa pili wa mtu wa masjala? Badilisha. Mpe yeye hiyo mbili."

"Matroni, kufanya inawezekana. Lakini siyo vizuri. Jina ikishatumika na mutu, inamfuata. Watu wamezoea..."

"Watu watazoea tena. Ndiyo kazi ya watu."

Anicet alikwenda masjala mwenyewe kupeleka habari. Alikwenda na mandazi mawili, akampa Monique yote mawili, na hapo Monique akajua kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Dada Mo. Ni jina."

Akamweleza. Monique hakulia. Aliweka mandazi juu ya faili, jambo ambalo kwa kawaida angempiga mtu kwa ajili yake.

"Amesema mimi niwe mbili?"

"Amesema."

"Anicet, wewe ulisema kanuni haina ujomba."

"Kanuni haina," Anicet akasema akiangalia chini. "Matroni iko na mdomo."

"Sasa sikia. Mwalimu Yangi aliniita Nne, nilikuwa mtoto. Karani wa mahindi aliniita mia moja kumi na saba, nilikuwa na njaa. Leo mimi siyo mtoto na nimeshiba. Hii jina sikuiba. Nilipata kwa mstari." Akayaondoa mandazi juu ya faili. "Lakini mkubwa ni mkubwa. Fanya. Ila mimi sitamwambia mtu yeyote kwamba nimebadilishwa. Mdomo wangu siyo tangazo la misheni."

Anicet akafanya. Kazi yenyewe haikuwa rahisi kama kubadilisha kofia, kwa sababu mashine haikubali hata kwa sekunde moja watu wawili wawe na jina moja. Ni kama kubadilishana chai na uji kwenye vikombe viwili, Anicet alimweleza Matroni: lazima upate kikombe cha tatu. Akambatiza Matroni jina la muda, *mpito*. Kisha akampa Monique mcandiru2, ambalo sasa lilikuwa wazi. Kisha akamtoa Matroni kwenye mpito na kumkalisha kwenye mcandiru. Kila mmoja akabaki na neno lake la siri na barua zake za zamani, kwa maana hivyo vinakaa na mtu mwenyewe na havifuati kibao cha mlangoni. Lakini mafaili ya nyuma hayakubadilika. Mashine ilikuwa imeandika mcandiru chini yake siku ile ya kuingizwa, na ilivyoandika imeandika. Kwa hiyo Matroni, ambaye mwaka 2009 alikuwa bado Kampala, ghafla alionekana ndiye aliyeandikisha mapacha wa Aroi wa mwaka huo.

Tangazo likatumwa kwa wote. Kama kawaida ya matangazo, hakuna aliyelisoma.

Mvua ya ujumbe ikaanza kunyesha kwenye ofisi ya Matroni.

Kwanza ilikuwa matone. Famasi: "Mo, faili ya yule mzee wa pumu iko wapi, usinichezee leo." Matroni akajibu kwa adabu kwamba wamekosea. Jikoni: "Mcandiru mama, umebakiza karanga? Zile za jana zilikuwa tamu." Leba, wodi ya watoto, maabara, wote wanatafuta faili. Sulemani wa stoo aliandika barua ndefu ya huzuni juu ya mke wake wa Koboko, akaomba shauri. Vidole vya hospitali nzima vilikuwa vimezoea herufi nane, na vidole havisomi matangazo.

Kisha akaandika Ramathan, dereva. "Dada Mo, umemuona huyu matroni wenu mupya? Viatu yake inalia kuliko ambulensi yangu. Anatembea kama bata ya padri inayotafuta bwawa. Mwambie mimi nitamkodisha king'ora."

Matroni alisoma mara mbili. Walio karibu na mlango wanasema walisikia sauti, lakini hawakubaliani kama ilikuwa ya hasira au ya kucheka.

Alivumilia. Alikuwa mwana wa Omugo, hawezi kukubali kuzama kwenye maji aliyoyafungulia mwenyewe. Mpaka siku ya mkutano na maaskofu, alipotoka ofisini na kumkuta mama mmoja ameketi sakafuni mlangoni pake, mjamzito, miguu imevimba, na kitambaa kimoja cha kufungia chakula begani.

"Mama, unangoja nini hapa?"

"Nangoja mcandiru."

"Nani kakuleta kwangu?"

"Kituo ya Lobule imeandika kwa mcandiru asubuhi kwamba ninakuja. Wakaniambia nikifika niulize yeye tu, atakuwa ameshatoa karatasi yangu ya upasuaji ya mtoto ya kwanza. Kule getini askari mpya ameangalia orodha, akasema mcandiru anakaa nyumba ya wakubwa." Mama yule akamwangalia viatu. "Ni wewe? Mimi nilifikiri uko mfupi, na sikio moja kubwa."

Matroni akarudi ndani, akafungua mashine. Ujumbe wa Lobule ulikuwepo, umesukumwa chini na karanga na mke wa Sulemani. Ulikuwa umekuja tangu asubuhi. Haukumfikia aliyepaswa kutoa karatasi, na aliyeupata hakujua kwamba ni wake wa kushughulikia. Mama alikuwa salama, alikuwa amechoka tu, lakini Matroni alikuwa muuguzi kabla hajawa mkubwa, na alijua tofauti ya kuchoka na hatari wakati mwingine ni saa chache.

Aliwaacha maaskofu wakinywa soda. Akamshika mama mkono, wakatembea pamoja uwanja mzima mpaka masjala, viatu vikilia. Mara hii alibisha.

"Monique, huyu ni mgeni wako. Karatasi yake tafadhali, haraka. Na wewe Bwana Anicet" (kwa maana Anicet alikuwa hapo akinywa chai, kama kawaida ya watu wa kompyuta) "leta kikombe chako cha tatu."

"Kikombe?"

"Cha kubadilishia. Turudishe majina."

Monique alikuwa ameshatoa karatasi na kumwita mtu wa leba na kiti cha magurudumu. Ndipo akageuka.

"Matroni, lakini wewe ni mkubwa."

"Ukubwa wangu uko kwenye mlango, umeandikwa kwa rangi. Huku ndani kuna mtu anaitwa mcandiru ambaye watu wanamtafuta kwa karanga, kwa faili, na kwa ushauri wa ndoa. Nimejaribu kuwa yeye. Siwezi. Sina hata karanga." Akaketi juu ya meza, mkubwa mzima. "Na tena, kwetu mimi ni wa kwanza katika watoto wanane. Kuni, mimi. Maji, mimi. Kuvunjika chungu, mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniruhusu niwe wa pili. Niachie nipumzike hapo."

Monique akamtazama, kutafuta mzaha, akakuta ni kweli.

"Mbili siyo mbaya," akasema. "Mimi nilipita mpaka mia moja kumi na saba."

"Na huyo dereva wa bata ya padri, nimwite ofisini?"

Anicet akapaliwa na chai.

"Matroni, ujumbe wa mtu ni siri ya mtu," Monique akasema, akiwa amenyoosha ile shingo. "Ulikuja kwa mcandiru. Mcandiru ni mimi."

Matroni alicheka mpaka viatu vikalia bila yeye kutembea. Ramathan alipata habari, akaugua siku tatu bila homa.

Anicet akarudia ngoma yake ya vikombe: mpito, mbili, na mwenye jina kwenye jina lake. Akaandika pia kanuni ukutani kwa kalamu nene, ili mdomo wowote ukija uikute imetangulia: jina likishapewa mtu, halipewi mwingine, hata mwenyewe akiondoka. Baadaye akaja mwanafunzi wa uuguzi, Mercy Candiru, akanung'unika kupewa 3. Matroni ndiye aliyemjibu: "Panga mstari, binti yangu. Mimi mwenyewe niko mbele yako na sisukumwi."

Monique alistaafu kabla ya wakati, magoti yakiwa yamechoka na rafu za chini. Siku ya mwisho Anicet alifunga akaunti yake mbele yake. Hakuifuta, kwa sababu ikifutwa jina linabaki wazi na mwingine akija anaweza kulikalia. Aliifunga kwa ufunguo, kama chumba cha marehemu mheshimiwa, ila marehemu alikuwa hai na anakula mandazi.

Akarudi Koboko, pale pale palipokuwa na kibanda cha baba yake, akafungua duka la madaftari na kalamu. Alimwita Kamisi, mchoraji wa vibao, na kumwelekeza juu ya mlango.

"Andika m, candiru. Pamoja. Herufi ndogo."

"Mama, kibao inaanza na herufi kubwa," Kamisi alisema.

"Hii hapana anza."

Kamisi akachora, rangi ya buluu, kwa mkono mzuri. Akarudi nyuma kuangalia, brashi begani. Upande wa kulia ilibaki nafasi nyeupe pana.

"Hapa pamebaki mahali, mama. Nikuwekee namba?"

Monique akasimama katikati ya barabara, pikipiki zikimkwepa kushoto na kulia, akaisoma ile kazi toka mwanzo hadi mwisho.

"Wacha hivyo," akasema. "Hiyo nafasi ni yangu."